Kabla ya kujumlisha makuta ya likelemba: namna ya kusafisha orodha iliyobandikwa kwenye kompyuta

Katika Dilolo, orodha ya michango haiandikwi tena kwenye kaye peke yake. Wanachama wa likelemba, wazazi wa masomo ao mama wauzaji wa soko wanatuma kiasi chao kwa WhatsApp, mtunza feza ananakili, anabandika ndani ya Excel, kisha anaomba jumla. Jumla inatoka mara moja, bila kosa lolote kuonekana. Shida ni kwamba mara nyingi jumla ile si ya kweli, na kompyuta haisemi kitu. Siku ya kugawa, watu wanauliza: "Makuta yetu iko wapi?" Na mtunza feza, hata kama hakugusa hata franka moja, anakosa la kujibu.

Sababu iko ndani ya alama ndogo zinazokaa kati ya tarakimu: nukta, mkato ambao wengi wanauita virgili, nafasi tupu, na herufi za feza kama FC. Makala hii inaeleza namna alama hizo zinavyodanganya, na hatua za kuziondoa bila kupoteza kiasi cha mtu yeyote.

Namna tatu za kuandika kiasi kimoja

Dilolo iko mwisho wa magharibi wa jimbo la Lualaba, na ngambo ya mpaka kuko Luau, ndani ya Angola. Njia ya reli inayotoka bandari ya Lobito inapita Luau, inaingia Dilolo, na kuendelea mpaka Kolwezi. Kwa njia hiyo hiyo zinapita namna tatu za kuandika hesabu.

Ya kwanza ni ya Kifaransa, ile inayofundishwa masomoni na kutumiwa katika biro za serikali: nafasi tupu inatenganisha elfu, mkato unatenganisha sentimu, kama 20 000,00. Ya pili ni ya Kireno, inayotoka upande wa Angola: nukta kwa elfu, mkato kwa sentimu, kama 5.000,00. Ya tatu ni ya Kiingereza, inayoonekana kwenye hesabu za dola kule migodini na kwenye simu nyingi: mkato kwa elfu, nukta kwa sentimu, kama 1,250.50.

Mtu anayesoma 15.000 na 15,000 anaelewa sawasawa kwamba ni elfu kumi na tano, kwa sababu anajua habari ni ya franka na kwamba hakuna mtu anayechanga franka kumi na tano. Kompyuta haijui habari hiyo. Inafuata tu mapango ya lugha yaliyowekwa ndani yake.

Neno hili halisumbui Dilolo peke yake. Mwaka 2003, Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, unaounganisha mataifa chini ya mapatano ya vipimo, uliamua kwamba alama ya sehemu ndogo inaweza kuwa nukta ao mkato, lakini makundi ya tarakimu tatu yatenganishwe kwa nafasi tupu, wala si kwa nukta wala kwa mkato. Uamuzi ulikuwa mzuri. Sokoni kila mtu anaendelea kuandika kama alivyozoea.

Orodha moja, kompyuta mbili, jumla mbili

Chukua mfano wa likelemba ya watu kumi. Nane wametuma franka, mmoja ametuma dola, na mmoja, anayefanya biashara Luau, ametuma kwanza za Angola. Ujumbe wao unasomeka hivi:

```
45 000 FC
FC 12.500
30000
27 500Fc
8,000
15.000
20 000,00 FC
10.500,00 FC
10 dola
Kz 5.000,00
```

Mtunza feza anabandika orodha ndani ya safu moja na kuandika `=SOMME` chini yake. Kama kompyuta imepangwa kwa Kifaransa cha Ufaransa, jumla inayotoka ni 30008. Kama imepangwa kwa Kiingereza, jumla ni 38015. Orodha ni ile ile, watu ni wale wale.

Mambo mawili yametokea, na inafaa kuyatofautisha, kwa sababu moja linatengenezeka na lingine halitengenezeki.

La kwanza: mistari mingi imegeuka kuwa maandishi. Kompyuta imeona "45 000 FC" na kuihesabu kama neno, sawa na jina la mtu. `SOMME` inaruka maandishi bila kulalamika. Haisemi "nimeacha mistari mingi", inajumlisha tu zile inazozitambua kuwa hesabu. Hapo feza haijapotea, iko bado kwenye mstari, inangoja kusafishwa.

La pili ni baya zaidi. Kwenye kompyuta ya Kifaransa, "8,000" imesomwa kuwa nane na sifuri tatu za sentimu, yaani 8. Kisanduku sasa kinaonyesha 8 peke yake. Mkato umeondoka, sifuri zimeondoka, na hakuna fomula inayoweza kujua kwamba zilikuwapo. Kwenye kompyuta ya Kiingereza jambo hilo hilo limefika kwa "15.000", ambayo imekuwa 15. Ndiyo maana jumla moja inaishia na 8 na nyingine na 15. Katika likelemba ambako kila mtu anachanga elfu kamili ao nusu elfu, jumla inayoishia hivyo inatosha kumwambia mtunza feza kwamba kuna kiasi kilichomezwa.

Kuna alama ya kuona kwa macho. Kama safu haijapangwa kwa mkono, hesabu za kweli zinakaa upande wa kuume wa kisanduku, na maandishi yanakaa upande wa kushoto. Safu ambayo mistari mingine iko kushoto na mingine kuume haiko tayari kujumlishwa. Lakini alama hiyo inafichua jambo la kwanza tu. Ile 8 iliyomezwa inakaa kuume vizuri kabisa, kama hesabu safi.

Hatua ya kwanza: kulinda orodha kabla ya kubandika

Kwa hiyo kazi ya kusafisha inaanza kabla ya kubandika. Mtunza feza anafungua ukurasa mpya, anaweka majina katika safu A, kisha anachagua safu B nzima. Kwenye Accueil, pale ambapo panaandikwa Standard, anachagua Texte. Maana yake anaiambia kompyuta: kila kitu kitakachoingia hapa kiache kama kilivyo, usikifasirie.

Kisha anabandika kwa Collage spécial na kuchagua Texte Unicode kama ipo. Akibandika kwa namna ya kawaida, mara nyingine maandishi yanakuja na mpango wake mwenyewe na kufuta ule wa Texte. Baada ya hapo anaangalia mstari wa "8,000". Ukisomeka bado 8,000, ulinzi umefanya kazi. Ukisomeka 8, anarudi nyuma kwa Ctrl+Z na kuanza upya. Asijaribu kutengeneza ile 8 kwa kukisia, kwa sababu kesho itakuwa mstari mwingine asioukumbuka.

Safu B haiguswi tena mpaka mwisho. Ndiyo ushahidi. Kazi yote inafanyika katika safu zilizo pembeni yake, ili mwanachama akisema "mimi nilituma ingine", waweze kuangalia pamoja neno lililoandikwa na yeye mwenyewe.

Ujumbe ukinakiliwa kutoka WhatsApp mingi kwa pamoja, mbele ya kila kiasi kunakuja saa, tarehe na jina ao namba ya simu. Hizo zinaondolewa kwa mkono kwanza. Kuna watu wanaotumia fomula ya kuokota tarakimu zote za mstari, na hapo tarehe ao namba ya simu inaungana na mchango kuwa kiasi cha ajabu.

Hatua ya pili: kutenga feza na feza

Kabla ya kuondoa alama yoyote, mistari ya dola na ya kwanza inahamishwa kwenda ukurasa wake. Hatua hii haiwezi kungoja, kwa sababu herufi za FC, dola ao Kz ndizo peke yake zinazoonyesha ni feza gani. Zikishaondolewa, 10 ya dola na 8000 ya franka zinafanana, na `SOMME` itazijumlisha bila aibu.

Mistari isiyokuwa na herufi yoyote, kama "30000", "8,000" na "15.000", inahitaji uamuzi wa mtu. Katika mfano huu ni franka, kwa sababu kiasi chenyewe kinasema. Lakini mstari wa "50" peke yake unaweza kuwa dola hamsini, na hapo dawa ni kumpigia mwenyewe simu.

Baada ya kutenga, mistari nane ya franka inabaki katika B2 mpaka B9. Mtunza feza anaandika pembeni hesabu hiyo, nane. Itamsaidia mwishoni.

Hatua ya tatu: kuondoa herufi na nafasi tupu

Fomula zinazofuata ni za Excel ya Kifaransa, ile inayopatikana katika kompyuta nyingi za Lualaba. LibreOffice Calc ya Kifaransa inazielewa pia. Safu C mpaka F zinapaswa kubaki katika mpango wa Standard. Zikipangwa kuwa Texte, fomula itaonekana kama ilivyoandikwa na haitahesabu kitu.

Katika C2 zinaondolewa herufi:

```
=SUBSTITUE(MAJUSCULE(B2);"FC";"")
```

`SUBSTITUE` inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Ingeondoa "FC" lakini ingeacha "Fc" ya mstari wa nne. Ndiyo maana `MAJUSCULE` inageuza kwanza zote kuwa kubwa.

Katika D2 zinaondolewa nafasi tupu:

```
=SUBSTITUE(SUBSTITUE(SUBSTITUE(C2;" ";"");UNICAR(160);"");UNICAR(8239);"")
```

Hapa ndipo watu wengi wanakwama, maana nafasi tupu si moja. Kuna ile ya kawaida inayotoka kwenye kitufe kirefu cha klavye. Kuna nyingine, yenye namba 160, ambayo inakataza mstari kukatika katikati ya hesabu. Hati za Kifaransa na kurasa za mtandao zinaitumia sana. Na kuna ya tatu, nyembamba kidogo, yenye namba 8239, inayofanya kazi ile ile. Kwa macho zote zinafanana. Mtu anaondoa nafasi za kawaida, anaona zingine zimebaki, anarudia mara tatu na kufikiri kompyuta imeharibika. Hata `SUPPRESPACE`, ambayo jina lake linaahidi kuondoa nafasi, inashughulika na zile za kawaida tu, na katikati ya maneno inaacha moja.

Anayetaka kujua ni nafasi gani iliyo katika "27 500Fc" anaweza kuuliza herufi ya tatu ya kisanduku hicho:

```
=UNICODE(STXT(B5;3;1))
```

Jibu la 32 ni nafasi ya kawaida. 160 ao 8239 ni zile zilizojificha. Likitoka jibu jingine, namba hiyo inaongezwa katika fomula ya safu D kwa namna ile ile.

Hatua ya ine: kutoa sentimu kabla ya kutoa nukta

Sasa zimebaki tarakimu, nukta na mkato. Haraka ya kwanza inayokuja kichwani ni kufuta nukta zote na mikato yote. Kwa "12.500" na "8,000" inaenda vizuri. Lakini "20000,00" ikipoteza mkato inakuwa 2000000, yaani milioni mbili, na "10500,00" inakuwa 1050000. Kwa mistari hiyo miwili tu, jumla ya likelemba ingeruka mpaka 3 188 000. Mtunza feza angetangaza feza ambayo haipo.

Kanuni inayookoa ni ya kuhesabu tarakimu zilizo nyuma ya alama ya mwisho. Zikiwa tatu, alama ni ya elfu. Zikiwa mbili, alama ni ya sentimu. Katika franka za Kongo kanuni hiyo ina nguvu zaidi, kwa sababu sentimu hazilipwi tena sokoni. Mtu akiandika tarakimu mbili nyuma ya alama, karibu daima ni sifuri mbili zilizowekwa kwa desturi. Basi zinaondolewa kwanza, katika E2:

```
=SI(OU(DROITE(D2;3)=",00";DROITE(D2;3)=".00");GAUCHE(D2;NBCAR(D2)-3);D2)
```

Maana yake: kama herufi tatu za mwisho ni alama na sifuri mbili, zikatwe. Kama sivyo, mstari uachwe. "8,000" haiguswi, kwa sababu herufi zake tatu za mwisho ni sifuri tatu.

Halafu, katika F2, alama zilizobaki zinaondolewa na maandishi yanageuzwa kuwa hesabu ya kweli:

```
=CNUM(SUBSTITUE(SUBSTITUE(E2;".";"");",";""))
```

`CNUM` ndiyo inayofanya mstari uhame kutoka upande wa kushoto kwenda kuume. Fomula zote ine zinavutwa chini mpaka mstari wa 9. Mstari wa mwisho, kwa mfano, unapita hivi: "10.500,00 FC" unapoteza herufi, unapoteza nafasi na kuwa "10.500,00", unapoteza sentimu na kuwa "10.500", na mwishoni unakuwa 10500.

Kama katika F kunaonekana `#VALEUR!`, kuna kitu ambacho hakikuondolewa. Labda mtu ameandika "F.C." na nukta, ao "15k", ao "elfu kumi". Kosa hilo ni rafiki. Linaonyesha mstari wa kuangalia, na `SOMME` inakataa kutoa jumla mpaka mstari huo utengenezwe. Hapo mtunza feza anasahihisha kwa mkono katika safu F, na kuandika pembeni alichofanya.

Hatua ya tano: kuhakikisha

Katika mfano huu, safu F inatoa 45000, 12500, 30000, 27500, 8000, 15000, 20000 na 10500. Jumla ya kweli ni 168 500 FC. Ikilinganishwa na ile 30008 ya mwanzo, zaidi ya franka laki moja na thelathini na nane elfu zilikuwa zimefichwa na alama tu.

Lakini jumla haitangazwi kabla ya kuangalia mambo matatu:

```
=NBVAL(B2:B9)
=NB(F2:F9)
=MIN(F2:F9)
```

`NBVAL` inahesabu visanduku vyote visivyo vitupu katika safu ya asili. `NB` inahesabu hesabu za kweli peke yake katika safu iliyosafishwa. Zote mbili zinapaswa kutoa nane, ile hesabu iliyoandikwa pembeni. Zikitofautiana, kuna mstari ulioachwa njiani.

`MIN` inaonyesha kiasi kidogo kuliko vyote, hapa 8000. Likelemba inajua mchango wake wa chini. Kama ni 5 000, na `MIN` inatoa 125, basi mtu aliandika "12,5" akimaanisha elfu kumi na mbili na mia tano, na kusafisha kumebadilisha maana yake. Vivyo hivyo `MAX` inakamata kiasi kilichovimba, kama milioni mbili ya hapo juu. Fomula haziwezi kujua kwamba 125 ni upuzi. Kikundi ndicho kinachojua, na kipimo cha chini na cha juu ndiyo njia ya kuiambia kompyuta.

Mwisho, orodha iliyosafishwa inarudishwa katika kikundi, jina kwa jina, kabla ya siku ya kugawa. Mtu anayesoma "12 500" mbele ya jina lake anajua upesi kama ni sawa. Ukaguzi huo hauna fomula, na unakamata hata kosa ambalo mwanachama mwenyewe aliliandika.

Dola, kwanza, na mipaka ya kanuni

Kwa dola sentimu zina maana, kwa hiyo hazikatwi. Baada ya kuondoa herufi, alama ya $ na nafasi tupu kwa namna ile ile, inatumiwa `VALEURNOMBRE`, ambayo inaruhusu kusema wazi alama gani ni ya sentimu na gani ni ya elfu:

```
=VALEURNOMBRE("1.250,50";",";".")
=VALEURNOMBRE("1,250.50";".";",")
```

Zote mbili zinatoa kiasi kimoja, elfu moja mia mbili hamsini na nusu. Ya kwanza inafaa pia kwa kwanza zilizoandikwa Kireno: "5.000,00" inatoa 5000. Uzuri wake ni kwamba haitegemei lugha ya kompyuta. Orodha ikipelekwa kwenye kompyuta nyingine, jibu halibadiliki. Inahitaji Excel ya 2013 ao iliyofuata, sawa na `UNICAR`.

Alama mbili zikiwa katika kiasi kimoja, ile ya mwisho ndiyo ya sentimu. Alama ikiwa moja na nyuma yake kuko tarakimu tatu, kama "1,250", katika feza ni elfu. Lakini kanuni hii ni ya feza peke yake. Mtu anayeleta orodha ya uzito wa madini kutoka upande wa Kolwezi asiitumie. Tani zinaandikwa mara nyingi na tarakimu tatu nyuma ya alama, na "1,250" hapo ni tani moja na kilo mia mbili hamsini. Kufuta mkato kungefanya tani moja na kilo mia mbili hamsini kuwa tani elfu moja mia mbili hamsini. Safu ya uzito na safu ya bei zinasafishwa kila moja kwa kanuni yake, hata kama ziko kwenye bono moja.

Jumla za feza tatu zinabaki tatu: 168 500 FC, dola 10, na Kz 5 000. Kikundi kikitaka jumla moja, zinageuzwa kwa bei ya siku, na bei hiyo inaandikwa pamoja na tarehe na mahali ilipochukuliwa.

Kama Excel iko kwa Kiingereza

Majina ya fomula yanabadilika, na alama ya `;` katikati ya vipande inakuwa mkato. `SUBSTITUE` inakuwa `SUBSTITUTE`, `MAJUSCULE` ni `UPPER`, `UNICAR` ni `UNICHAR`, `SI` na `OU` ni `IF` na `OR`, `DROITE` na `GAUCHE` ni `RIGHT` na `LEFT`, `NBCAR` ni `LEN`, `STXT` ni `MID`, `CNUM` ni `VALUE`, `VALEURNOMBRE` ni `NUMBERVALUE`. `NBVAL` na `NB` zinakuwa `COUNTA` na `COUNT`, na `SOMME` ni `SUM`. Kazi na mpangilio ni ule ule: kulinda kwanza, kutenga feza, herufi, nafasi, sentimu, kisha alama za elfu.

Vikundi vingine vinapunguza kazi hii kwa kupatana namna moja ya kuandika: tarakimu tupu bila nukta wala mkato, na jina la feza nyuma, kwa mfano "15000 franka". Hata hivyo, kila mwezi kunakuwa mmoja ao wawili wanaosahau, na "8,000" moja tu inatosha kuleta maneno. Kwa hiyo safu B inaendelea kupangwa Texte kabla ya kubandika, hata siku ambayo orodha inaonekana safi.